Sawa, Meneja

Wiki tatu nzima Mama Chebet alinijibu maneno mawili tu: "Sawa, meneja."

Nilikuwa na miaka 26, nimekabidhiwa kituo cha kukusanya maziwa nje kidogo ya Njoro. Yeye alikuwa akipima maziwa hapo tangu nikiwa darasa la pili. Mwanzoni mkutano wetu wa asubuhi haukuisha bila neno lake: barabara ya Mau Narok imeharibika, bodaboda atoke mapema, mtungi wa fulani una ufa, uchafu unajificha mle. Sasa alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, akingoja nimalize. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani mikutano imefupika kwa sababu nimeijua kazi.

Maziwa tuliyokataa yakazidi kuongezeka. Laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa, ikisoma chini ya 26, amri yangu ilikuwa moja: yametiwa maji, rudisha. Alhamisi moja mzee mmoja akarudishiwa lita 18. Hakugomba. Alifunga kifuniko, akakipiga kwa kiganja mara mbili kikaze, akasukuma baiskeli yake. Mama Chebet alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha akaingia ndani kuosha mitungi.

Nikamfuata. Nilianza kueleza kanuni, nikaona mgongo wake haugeuki, nikanyamaza. Nikapindua ndoo, nikaikalia. Bomba liliendelea kumwaga maji muda mrefu.

"Mama, kuna kitu sikioni?"

"Nilishakwambia, mwanangu. Ile Jumatatu ya kwanza. Ukasema tutaongea baadaye."

Nikakumbuka. Alikuwa anaongea, nami macho yangu yako kwenye simu. Utetezi ulinifika ulimini, nikaumeza.

"Niambie leo."

Alifuta mikono kwa leso, akachota maziwa ya mama aliyekuwa kwenye foleni, yamekamuliwa muda si mrefu. Laktomita ikazama hadi 24. Kisha akatoa mfukoni kipimajoto kilichofungwa kwa kitambaa. Nyuzi 33.

"Laktomita hii imepimiwa nyuzi 20. Maziwa yakiwa na joto huwa mepesi, nayo inazama. Kila nyuzi moja juu ya 20, unaongeza sifuri nukta mbili."

Akaandika kwa kalamu kiganjani mwake: nyuzi 13, 2.6. Chini yake, 26.6.

"Ulikiondoa mezani ili foleni iende haraka," akasema polepole. "Tangu siku hiyo tunawaita watu wezi."

Mama wa kwenye foleni alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nikampokea mtungi wake kwa mikono miwili.

Jioni tulimpelekea mzee pesa ya lita 18. Maziwa yenyewe alikuwa ameshawapa ndama. Tulipokuwa tukirudi, Mama Chebet akaanza tena habari ya ule mtungi wenye ufa, na ni wa nani, na kwa nini mwenyewe anaona haya kuubadilisha. Nikamwomba tutembee taratibu.