Ratiba ya Siku ya Wazee: maswali matatu kwanza

Tanga, Jumatatu 21 Septemba 2026

Shikamoo Mama Mwenyekiti,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema, "Mwalimu, tutengenezee ratiba ya Siku ya Wazee, iwe nzuri, kesho tunaipeleka kuchapwa." Nimekaa na kalamu nikajikuta sina pa kuanzia: sijui wanakuja watu wangapi, tunakaa muda gani, wala nani anashika kipaza sauti. Naomba kesho tusichape. Zimebaki siku kumi, na ratiba ya ukurasa mmoja inachapwa kwa nusu saa.

Nina maswali matatu ambayo bila majibu yake sisogei. Mengine yatafuata.

La kwanza ni idadi ya wazee, na naomba idadi yao peke yao, wageni na wajumbe wawe kando. Nakuuliza kwa sababu ya vipimo. Ulisema wauguzi wa zahanati watapima presha na sukari. Mzee mmoja, kuanzia kukaa mbele ya muuguzi hadi kuandikiwa majibu, hamalizi chini ya dakika nne. Wazee 80 kwa wauguzi wawili ni saa mbili na dakika arobaini, yaani shughuli nzima imeishia kwenye foleni. Wakiwa wauguzi wanne, ni saa moja na dakika ishirini. Kwa hiyo pamoja na idadi ya wazee, nitajie na idadi ya wauguzi. Kama hesabu kamili haipo, mabalozi wapite nyumba kwa nyumba leo na kesho. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, basi waanzie hapo, na waulize pia nani hawezi kutembea hadi uwanjani. Huyo anahitaji bajaji, na bajaji nayo inaingia kwenye ratiba.

La pili ni muda. Tarehe 1 Oktoba mwaka huu ni Alhamisi, siku ya kazi na ya shule. Je, tunabaki na tarehe yenyewe au tunasogea Jumamosi tarehe 3? Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba mwaka 1990, na mgeni rasmi huenda akapenda tarehe hiyo. Ila Jumamosi wajukuu wapo nyumbani wa kuwashika bibi zao mkono. Vyovyote tutakavyoamua, ombi langu ni kwamba tufunge kabla ya adhuhuri, jua halijakaza na wanaokwenda msikitini hawajaanza kuangalia saa. Mzee wa miaka 78 hakai kwenye kiti cha plastiki kwa muda wa saa tano. Akivumilia, ni kwa heshima tu, na kiuno chake usiku kitamkumbusha.

La tatu ni wasemaji, na hapa, Mama, uniwie radhi nikisema wazi. Mgeni rasmi ni nani, na ameshakubali kwa barua au kwa mdomo tu? Akiwa Diwani, itifaki ni moja. Akija mkubwa kuliko yeye, Diwani anahamia kwenye kukaribisha na mpangilio wote unageuka. Pia nataka orodha ya wote walioahidiwa "maneno mawili". Shughuli za mtaa wetu huliwa na utambulisho. Watu 22 wakisimama kila mmoja dakika moja, na hakuna anayetumia dakika moja, nusu saa imekwenda na hakuna lililosemwa. Nashauri wewe peke yako utambulishe, kwa makundi: wajumbe wasimame, wapungie, wakae. Nafasi tutakayookoa tuwape wazee wenyewe. Ni siku yao, lakini kila mwaka wanakaa kimya wakisikiliza wengine wakiwaeleza jinsi walivyo hazina.

Ili usiende mikono mitupu kwenye kikao cha leo jioni, nimeandika rasimu. Nimeijenga juu ya makisio yangu: wazee 80, wageni 30, wauguzi wanne, uwanja wa shule ya msingi, mgeni rasmi Diwani. Kisio moja likibadilika, saa zinabadilika.

MAADHIMISHO YA SIKU YA WAZEE – RASIMU

Saa 2:00 asubuhi – Wazee kuwasili, kupumzika na kupimwa. Kila aliyemaliza anapewa chai
Saa 3:50 – Mgeni rasmi kuwasili. Wimbo wa Taifa. Dua ya sheikh na sala ya mchungaji
Saa 4:00 – Utambulisho na makaribisho: Mwenyekiti wa Mtaa
Saa 4:10 – Simulizi za mtaa wetu: bibi mmoja na babu mmoja
Saa 4:25 – Ngoma ya wanafunzi
Saa 4:35 – Nasaha za afya: mtaalamu wa zahanati
Saa 4:45 – Risala ya wazee kwa mgeni rasmi
Saa 4:55 – Hotuba ya mgeni rasmi
Saa 5:15 – Neno la shukrani: Baraza la Wazee
Saa 5:20 – Chakula
Saa 6:00 mchana – Kufunga

Chai nimeiweka pale makusudi. Muulize muuguzi kama sukari itapimwa kabla ya kula. Kama ndivyo, wazee waambiwe mapema waje bila kunywa chai, lakini mwenye kutumia dawa za sukari asikae na njaa akingoja zamu. Huyo apimwe wa kwanza na ale hapo hapo. Kwa presha, mzee atulie kitini dakika tano kwanza. Ukimpima akiwa ndio kwanza ameshuka bajaji, namba itapanda na atarudi nyumbani na hofu isiyo yake.

Risala isomwe na mzee, isisomwe na mtendaji kwa niaba yao. Iwe ukurasa mmoja na maombi mawili ambayo Diwani anaweza kuyajibu palepale. Mwaka jana zilikuwa kurasa nne na maombi kumi na moja. Mgeni rasmi akasema "nimeyapokea", tukapiga makofi, ikaishia hapo. Anayesimulia mtaa naye tumtafute mapema, awe mwenye sauti, asiyependa kugombana na walioketi meza kuu. Wewe unamjua ninayemfikiria, na unajua pia yule wa pili ambaye tusimpe.

Maswali haya yanaweza kusubiri hadi Jumatano: turubai ni ngapi, choo kiko umbali gani kutoka kwenye viti na kama kina ngazi, spika zinakodiwa au tunaazima za msikitini, na nani anapika. Kwa mpishi nina neno moja tu: wali uive hasa na chumvi ipungue. Nyama ngumu kwa asiye na meno ni dharau, hata ikipikwa kwa mapenzi.

Nijibu yale matatu kwa ujumbe mfupi, hata ukiandika hivi tu: "80, Jumamosi, Diwani amekubali." Nikiyapata leo usiku, kesho alfajiri unaamka na ratiba kamili. Kama kikao kitashindwana juu ya mgeni rasmi, nitumie mawili ya kwanza niendelee na upande wa vipimo, na zahanati ipewe taarifa mapema kwa sababu wauguzi wanne hawapatikani kwa kuitwa siku moja kabla.

Wako,
Mwalimu, mshereheshaji