Kwa mume wangu Suleiman, leo umefika 16

Assalaamu alaykum, mume wangu.

Ni mimi, mkeo mkongwe wa Kikwajuni. Leo Januari 14 umetimiza miaka 16. Nimeanza kukuandikia jana baada ya alasiri ili nisichelewe, maana kidole changu hiki nikikipeleka kwenye "a" simu inanipa "s", nikifuta linaondoka neno zima. Ningeweza kutuma sauti, ulinionyesha mwenyewe pale pa kubonyeza na kushikilia. Lakini nikijisikiliza najiona kama mtu aliyefungiwa kabatini. Bora niandike.

Sisi hatukulelewa na mambo ya keki na mishumaa. Mimi hata siku yangu siijui. Najua tu ilikuwa masika, na marehemu mama alikuwa akisema mvua ya mwaka huo iliangusha ukuta wa jiko. Wewe siku yako naijua mpaka saa, na sijakusimulia vizuri hata mara moja. Kila nikianza, mama yako hunikata kauli kwa kuwa anajijua alivyokuwa mbishi.

Ilikuwa hivi. Unguja nzima ilikuwa kiza. Waya unaoleta umeme chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni huko kwenu mpaka Fumba, uliharibika Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi. Miezi mitatu, Sule. Mabomba yakakauka kwa sababu pampu za maji nazo zinataka umeme, tukawa tunabeba madumu. Wenye majenereta wakawasha, usiku kucha mtaa unanguruma na moshi unaingia madirishani. Mama yako yuko Dar na tumbo la miezi minane, feni inamzungukia, friji inagandisha. Kila mtu akamwambia zalia hukohuko. Akasema mimba ya kwanza nazalia kwa mama yangu. Akapanda boti, akaja gizani na ndoo ya nguo za mtoto kichwani kwa mjomba wako.

Ukazaliwa saa nane za usiku, siku mbili baada ya sherehe za Mapinduzi. Siku ya pili mkaletwa hapa nyumbani, chumba kile cha uani unacholala ukija. Nikaweka kandili juu ya kasha, mbali na chandarua. Na wewe ukawa unalitazama. Watoto wengine wakifungua macho wanahangaika huku na huku, wewe ukikodolea ule moto, kimya, mpaka usingizi unakuchukua. Njaa ikikuuma unatafuna ngumi, hulii. Jirani alikuja kukuona, akaninong'oneza, "Huyu mtoto ana sauti kweli?" Nikamwambia sauti anayo, hajaona la kusema.

Halafu usiku ule wa Machi. Arobaini ilikuwa imeshapita lakini mama yako bado yupo, anasema atarudi Dar wiki ijayo, kila wiki wiki ijayo. Ghafla mtaa mzima ukapiga kelele, "Umekujaaa!" Watoto wakagonga masufuria, redio ya mtu ikaanza kuimba peke yake, na ile taa ya dari tuliyosahau kuizima ikakuwakia usoni. Hapo ndipo ulipolia. Ulilia kilio cha miezi miwili yote kwa mara moja. Tukakubembeleza weee, hukunyamaza mpaka nilipozima taa nikawasha kandili. Unguja nzima inashangilia umeme, sisi watatu tumekaa na mafuta ya taa.

Basi mtu niliyemjua hivyo, leo anishtue kwa ukimya?

Mama yako alinipigia juzi akaniomba radhi kwa niaba yako. Eti, "Mama, msamehe huyu, simu kwake ni ya masikioni tu." Nikamwambia aniondolee maneno hayo. Na asikulazimishe kunipigia leo, nimemkataza kabisa. Mtoto wa jirani naye aliniambia kwamba umezizima zile tiki za buluu, kwa hiyo siwezi kujua kama umesoma au hukusoma. Nikamuuliza, kwani mimi ni mlinzi wa getini? Wewe zizime, baba. Ninakuandikia kwa sababu napenda kukuandikia. Nikikaa barazani jioni nikakuandikia kwamba paka kazaa kwenye kapu la nguo, nimeshafurahi, na furaha hiyo haihitaji tiki.

Tena una jibu lako moja ninalo hapa. La mwezi wa nane. "Poa bibi", na dole gumba la njano. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Enzi zangu ungesema shikamoo, lakini dole lenyewe lilikuwa limesimama vizuri, nikajua liko na adabu zake.

Sasa nikwambie habari ya huyo mtu ambaye jina lake umelibeba. Babu yako aliniposa kwa maneno ambayo nadhani hayafiki kumi. Mwaka 1973, tuna miezi mitano katika ndoa, akaondoka kwenda Pemba kuchuma karafuu. Msimu ukiwa mkubwa watu walikuwa wanavuka kutoka huku, mchumaji analipwa kwa pishi, na pesa tulikuwa tunaihitaji maana hata kitanda tulichokuwa nacho kilikuwa cha kuazima. Nikamwandikia barua. Nikaandika ya pili, ya tatu, nikawapa abiria wanaokwenda Mkoani wamfikishie. Ya nne nilimwandikia kwa hasira, sikwambii nilisema nini. Jibu hakuna. Mimi nikalia, nikamwambia mama huyu mume mliyenipa ameshanisahau.

Siku moja akaja mtu mlangoni na kikapu kidogo cha ukindu, anasema kimetoka kwa Suleiman. Nikakifunua haraka nikitafuta bahasha. Ndani mna kishada kimoja cha karafuu. Kimoja! Hakikuchambuliwa, karafuu ziko bado kwenye makonyo yake na majani mawili, nyingine kijani, nyingine zimeshaanza kupiga wekundu. Nikakasirika zaidi. Lakini nyumba ikanukia. Nikakitia kwenye foronya, nikakilalia.

Aliporudi, jambo la kwanza nikamuuliza: mbona hukujibu barua zangu? Sule, yule mtu alishangaa kweli. Alinitazama kama niliyesema maneno ya nchi nyingine, akasema, "Kwani kikapu hakikufika?"

Nimeishi naye miaka 44. Nilijifunza kusoma vikapu vyake kimoja kimoja, na vingine nimevielewa baada ya yeye kufa.

Kwa hiyo mwezi wa sita ulipokuja likizo, wewe ulidhani nimekaa na mtu asiyesema. Mimi nilikuwa natazama. Nilikuona unabadilisha ile raba ya bomba la uani lililokuwa likidondoka tangu mwaka juzi, na hukumwambia mtu. Nilikuona unakuna nazi. Ulikaa kwenye mbuzi, ukazikuna zote mbili polepole, unazungusha kifuu kila baada ya mikwaruzo miwili mitatu, na hukufika kwenye ile ngozi ya kahawia. Chicha lote jeupe kama pamba. Shangazi yako ana miaka hamsini na tui lake mpaka leo linatoka na vijidoa vyeusi. Na ile herufi kubwa uliyoniwekea kwenye simu nilikuja kuigundua umeshaondoka. Nilidhani macho yangu yamepona!

Umri huu wako nasikia sauti nayo imekuwa nzito. Mama yako anasema ukiitika chumbani anadhani baba yako amerudi kazini. Sina nasaha nyingi. Mtihani wa kidato cha pili sikuulizi, ukitaka kuusema utausema, na kidato cha tatu ukisome kwa nafasi yako. Ukitoka kuoga kausha masikio. Swala usiiache. Pesa ya nauli usimkopeshe rafiki, mkopeshe ya chakula, maana chakula utakula nyumbani lakini nauli ikikosekana utatembea. Hizo ndizo nilizonazo leo, nyingine nitazikumbuka nikishalala.

Na ikitokea siku kichwa kimejaa, hutaki kuongea na mtu, unataka tu kukaa pahala, chumba cha uani kipo. Ufunguo uko palepale, sipaandiki humu. Huhitaji kuniarifu unakuja wala kunieleza ulichokimbia. Nitakukuta umelala, nitaongeza mchele chunguni.

Mungu akuweke, akupe afya na macho ya kuona heri, akuepushe na jicho baya na rafiki mbaya. Akujaalie ukue kuliko jina lako. Amin.

Zawadi yako inakuja. Mama Asha wa nyumba ya pili anavuka leo na boti ya saa moja asubuhi, nimemkabidhi kopo la visheti, ataliacha kwa mama yako akipita. Nimevikaanga jana usiku, ndiyo maana ujumbe huu una mafuta. Iliki nimetia nyingi kama unavyopenda. Shira safari hii nimeisubiri mpaka ikashika uzi, nikavigeuzageuza vikakauka vyeupe, kwa hiyo havitagandana njiani. Dada yako mpe vinne, akitaka zaidi mwambie aje aolewe na mtu wake. Kifuniko ni kigumu, kifungue kwa mgongo wa kijiko, usitumie meno.

Chini kabisa, chini ya karatasi, nimeweka kishada kimoja cha karafuu. Kimetoka Pemba wiki iliyopita, na makonyo yake na majani yake. Kitie unapotaka, hata kwenye begi la skuli.

Na kopo lenyewe usilirudishe. Najua mama yako atakwambia chombo cha watu hakirudi kitupu, ataanza kuhangaika akijazie nini. Mwambie Bibi kasema hilo ni lako, tia chaji zako na nyaya zako humo.

Mkeo,
Bibi wa Kikwajuni