Mpangilio wa somo kwa picha: kukausha mahindi na kufunga mfuko usiopitisha hewa

Wasikilizaji ni wanachama 40 wa chama cha ushirika, wengine hawasomi kwa urahisi. Tunakutana ghalani saa 3:00 asubuhi, kwa dakika 75. Mwishoni kila mmoja awe anaweza kupima ukavu wa mahindi na kufunga mfuko peke yake.

Vifaa: projekta na shuka jeupe, picha zilezile kwenye karatasi kubwa za kutumia umeme ukikatika, turubai, chupa 3 za kioo, kavu, zenye vifuniko, chumvi kavu, kipima unyevu, mahindi makavu debe 1 na yenye unyevu kikombe 1, mifuko 5 ya tabaka tatu ya kufanyia mazoezi.

Kila slaidi ina picha moja iliyojaa kioo chote. Maneno hayazidi matatu. Picha ikitokea, nyamaza, kisha uliza: "Mnaona nini?" Jibu lao ndilo linaloanzisha maelezo.

Slaidi 1. Picha: kiganja chenye punje safi upande mmoja, zilizoota ukungu wa kijani upande wa pili. Hakuna maneno. (Dakika 5)
Eleza kwamba ukungu huu unaweza kuacha sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Punje inayoonekana safi nayo yaweza kuwa na sumu, kwa hiyo kuchambua peke yake hakutoshi. Kinga ni kukausha mapema.

Slaidi 2. Picha: mahindi juu ya udongo, kando yake mengine juu ya turubai. Neno: TURUBAI. (Dakika 8)
Udongo una vimelea vya ukungu na hurudisha unyevu. Tandaza punje kwa unene usiozidi sentimita 4, geuza kila baada ya nusu saa hadi saa moja, funika kabla jua halijazama. Wanaomwaga rundo nene hukausha juu tu. Chini kunabaki na joto na unyevu.

Slaidi 3. Picha: chupa mbili, moja kuta safi, nyingine chumvi imeganda. Maneno: PIMA KWA CHUMVI. (Dakika 20, hapa usiharakishe)
Zima projekta, fanya kwa mikono. Jaza chupa mahindi hadi robo, ongeza vijiko vikubwa 3 vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika 1, acha itulie dakika 15. Wakati wa kusubiri, pokea maswali kuhusu slaidi 2. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isiposhika, uko chini ya hapo.
Hapa ndipo wengi hukosea: chupa safi haisemi mahindi yako tayari kwa mfuko. Mfuko unataka asilimia 13 au chini. Anika tena, kisha leta sampuli ipimwe kwa kipima unyevu. Chumvi yenye unyevu au chupa iliyooshwa asubuhi hutoa jibu la uongo, hivyo jaribu vyote usiku uliotangulia.

Slaidi 4. Picha: fukusi juu ya punje, kando ya kucha ya kidole. Hakuna maneno. (Dakika 5)
Usimkuze mdudu ajaze ukuta. Watasema kwao hakuna wadudu wakubwa hivyo. Kucha inaonyesha kipimo. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri wadudu humaliza hewa na kufa, bila dawa.

Slaidi 5 hadi 8. Picha nne za mikono, bila uso wa mtu: kupuliza mfuko wa ndani kukagua tundu, kujaza na kubana hewa itoke, kusokota shingo, kukunja na kufunga kwa kamba. Neno kwenye ya mwisho tu: KAZA. (Dakika 25, pamoja na mazoezi)
Acha mahindi yapoe kabla ya kujaza. Yenye joto hutoa jasho ndani. Ondoa vipande vya magunzi, vinatoboa. Funga mfuko wa ndani kwanza, halafu wa kati, halafu wa nje. Wagawe makundi 5, kila mtu afunge na kufungua. Kagua kwa kubonyeza: hewa ikitoka shingoni, arudie.

Slaidi 9. Picha: mifuko juu ya chaga, imeachana na ukuta. Maneno: JUU, MBALI. (Dakika 4)
Panya akitoboa, hewa inaingia na wadudu wanaendelea. Usifungue kila wiki kuchungulia. Kila ukifungua, wadudu waliosalia wanapata hewa.

Dakika 8 za mwisho: projekta imezimwa. Mwanachama mmoja apange karatasi zote kwa mfuatano huku wenzake wakimsahihisha. Akikwama kwenye slaidi 3, rudia jaribio la chumvi kwa chupa ya tatu. Kisha karani wa ghala aandike nani ataleta sampuli siku ipi, angalau gramu 500, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ili unyevu usibadilike njiani.