Mama Elisha, fundi cherehani wa Mbuyuni: namba yangu ya simu imebadilika

SMS kutoka namba ya zamani, Ijumaa 28 Novemba 2025, asubuhi

Habari za asubuhi. Ni Haika, Mama Elisha, fundi cherehani wa Mbuyuni, Moshi. Nabadilisha namba ya simu. Leo kabla ya saa 12 jioni utapata SMS kutoka namba inayoishia 418. Hiyo ndiyo yangu mpya. Ukiwa na wasiwasi nipigie kwenye hii hii ya zamani, nitapokea mwenyewe.

SMS kutoka namba mpya, siku hiyo hiyo jioni

Ni Haika, Mama Elisha. Hii ndiyo namba niliyokutaarifu asubuhi. Naomba uihifadhi mahali pa ile ya zamani. Ya zamani itabaki hewani mpaka tarehe 31 Januari 2026 kwa kupiga na SMS tu. Pesa usiitume tena kule.

Kwa wateja, WhatsApp, kutoka namba mpya

Wateja wangu wapendwa, habari za kazi. Ni Mama Elisha wa cherehani, Mbuyuni. Namba inayowaletea ujumbe huu ndiyo namba yangu kuanzia sasa. Someni mpaka mwisho, maana msimu wa Krismasi umeshafika na sitaki nguo ya mtu ikwame kwa sababu ya simu.

Sababu ni hii. Laini ya zamani ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, wakati ule wa usajili wa alama za vidole mwanzoni mwa 2020, cha kwangu cha NIDA kikiwa bado hakijatoka. Kila mteja mpya aliponitumia malipo ya awali aliona jina la mwanaume, akasita, akanipigia kuuliza kama kweli ni mimi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Laini hii mpya nimeisajili kwa kidole changu mwenyewe. Ukituma pesa, jina la kwanza litakalotokea ni Haika. Likitokea jina jingine lolote, simama hapo hapo, usiweke namba ya siri.

Najua vizuri kwamba ujumbe wa "nimebadilisha namba" ndio huo huo matapeli wanaoutumia. Ndiyo maana asubuhi niliwatangulizia SMS kwa namba mliyoizoea, kabla hii haijaongea. Kama wewe hukuipata ile ya asubuhi, usiniamini kwa maandishi haya peke yake. Piga namba ya zamani. Au niulize kitu ninachokijua mimi na wewe: kitambaa ulichoniachia ni cha rangi gani, gauni la mwisho nililipandisha pindo kiasi gani. Vipimo vyenu vyote viko kwenye daftari langu, nitajibu nikiwa nimelifungua.

Na hili naomba lishikwe na kila mtu: mimi siombi pesa kwa ujumbe mfupi. Malipo ya awali tunakubaliana kwa sauti, kwa simu au dukani. Ukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", hata ikiandikwa Mama Elisha, usitume. Ipeleke kwenda 15040, ndiko zinakoripotiwa meseji za kitapeli.

Wateja wa Dar es Salaam na Arusha mnaonitumia vitambaa kwa basi, hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mzigo ukifika stendi, anayepokea hana jingine la kushika ila namba iliyoandikwa juu ya kifurushi. Baadhi yenu mnatumia tena mifuko ile ile niliyowarudishia nguo, na namba ya zamani bado imo juu yake kwa maka peni. Tafadhali ifuteni kabisa, msiikate kwa mstari mmoja, kwa sababu mstari mmoja usiku kwenye taa ya stendi hauonekani. Andikeni mpya kubwa pande mbili za mfuko, pamoja na neno MBUYUNI. Risiti ya basi ipigeni picha mnitumie kwenye namba hii, siyo ile.

Kwa WhatsApp, akaunti ya namba ya zamani haipo tena, nimeihamishia huku na mazungumzo yetu yote na picha za mishono mlizonitumia zimekuja nazo. Kwa hiyo mtu akikuandikia WhatsApp kwa namba ile, huyo si mimi.

Vitambaa vya Krismasi napokea mpaka Jumatano tarehe 10 Desemba. Sare za shule za Januari zinaendelea kama kawaida. Duka ni lile lile, bei ni zile zile.

Nimewaambatanishia kadi ya mawasiliano hapa chini. Ukiibonyeza na kuhifadhi, namba haitakosewa tarakimu hata moja. Na kama unamfahamu mteja wangu asiye na WhatsApp, hasa wakina mama wa Kiboriloni sokoni wanaoniagiza kupitia ninyi, tafadhali mpelekee kwa mdomo. Kadi za karatasi zipo mezani dukani, chukueni kwa ajili yao.

Kwa mteja aliyejibu "nitajuaje ni wewe?"

Mama, shikamoo. Umefanya vizuri sana kuniuliza, na usione aibu. Kitenge chako ni cha kijani chenye maua ya njano, yadi sita, ulitaka mikono iwe mifupi kwa sababu ya joto la Dar. Bado nakudai uamuzi wa kola. Nakupigia sasa hivi kwa namba ya zamani ili usikie sauti, kisha nitakata na kukupigia kwa hii.

Kundi la familia

Shikamooni wakubwa wangu. Wadogo, hamjambo?

Ni Haika. Mmeona hapo juu kundi limeandika lenyewe kwamba nimebadilisha namba. Ni kweli, ni mimi, na kaka mkubwa anajua. Tungependa kuhamisha umiliki wa ile laini ije kwangu, ila yeye yuko Msumbiji kikazi na hatuwezi kwenda dukani pamoja. Tumekubaliana niiache. Mkinitumia chochote kule, hata mchango wa sherehe, jina litakalotokea ni lake na itatusumbua kuifuatilia.

Shangazi, najua wewe namba unaziandika kwenye kile kidaftari cha mkoba. Nitakupigia leo usiku nikusomee taratibu, halafu na wewe unisomee.

Sasa jambo kubwa, nalo ni la mama kule Kibosho. Mama hasomi meseji. Anabonyeza kitufe cha kijani, yanatokea majina ya waliopiga, anachagua la juu, anabonyeza tena. Kwa hiyo hata tukimwambia mara ngapi kwamba namba imebadilika, kidole chake kitakwenda palepale kilipozoea. Elisha, wewe unapanda kihambani Jumapili. Shika simu ya bibi yako mwenyewe, ingia kwenye jina HAIKA, futa namba ya zamani na uandike mpya ndani ya jina hilo hilo. Usimwekee HAIKA 2, atachanganyikiwa. Kisha ingia kwenye zile simu zilizopigwa, ifute ya zamani nayo isibaki hata sehemu moja. Ukimaliza, mwambie anipigie yeye, siyo wewe umpigie kwa niaba yake. Nataka nione simu yake inaingia kwangu wewe ukiwa bado umekaa pale. Na umwandikie namba kwa maandishi makubwa kwenye karatasi, ubandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo, ili hata jirani akiitwa usiku aione.

Binamu uliyeko Himo, kwenye faili la kliniki la mama pale hospitali mimi ndiye ndugu wa karibu na namba yangu imeandikwa pale. Mnapokwenda kliniki mwezi huu, mwombe muuguzi aibadilishe kwenye faili lenyewe na kwenye kadi anayobeba mama. Zote mbili. Hilo moja naliomba kwa unyenyekevu, kwa sababu siku wakinitafuta kwa ajili ya mama sitaki wampate mtu mwingine.

Nani mwingine wa ukoo hayumo humu? Ninaowakumbuka mimi ni mjomba wa Uru, wale watoto wa marehemu baba mdogo, na mama mkwe wa dada. Hao nitawapigia mmoja mmoja. Ukikumbuka wa ziada, taja jina hapa.

Kundi la kikoba

Wanakikundi wenzangu, habari za jioni. Ni Mama Elisha. Nimebadilisha namba, ni hii.

Mweka hazina, naomba usiibadilishe kitabuni bado, na usinitumie gawio wala mkopo kwenye namba hii kwa sababu tu ya meseji. Jumamosi nitakuja na kitambulisho, tutaihakiki mbele ya wote, nitaweka sahihi, ndipo iandikwe. Napendekeza tufanye hivyo hivyo kwa mwanachama yeyote atakayebadilisha namba baada yangu. Pesa za kikundi ni jasho la watu wengi.

Tangazo la jumuiya, lisomwe baada ya sala

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanajumuiya mwenzetu Haika, Mama Elisha, anawatangazia kwamba amebadilisha namba ya simu. Walioacha vitambaa vya sare za kwaya wasiwe na hofu, kazi inaendelea. Kadi zenye namba mpya anazo katibu. Wazee wasiotumia simu za kugusa, vijana wawasaidie kuibadilisha kabla ya kuondoka hapa leo.

Kwa mwalimu wa darasa

Mwalimu, shikamoo. Ni mama yake Elisha. Namba yangu ya simu ni hii kuanzia leo. Naomba uibadilishe kwenye rejesta na, kama inawezekana, kwenye orodha ya ofisini pia. Jumatatu nitamtuma Elisha na barua yenye sahihi yangu. Asante sana.

Bango la mlangoni dukani

FUNDI MAMA ELISHA. NAMBA YA SIMU IMEBADILIKA. CHUKUA KADI MEZANI. KAMA DUKA LIMEFUNGWA, KADI ZIPO KWA JIRANI WA VIATU.

SMS kutoka namba ya zamani, 30 Januari 2026, kwa wale tu ambao bado wanaipiga

Ni Haika, Mama Elisha. Naona bado unanipigia huku. Kesho usiku naitoa laini hii kwenye simu. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni huifunga, na baadaye anaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Ifute leo kwenye simu yako, na kwenye daftari kama uliiandika. Nakupigia sasa hivi kwa ile inayoishia 418. Pokea, kisha tuihifadhi pamoja tukiwa bado tunaongea.