Kwa Sista Rehema, wodi ya wanawake

Mpendwa Sista Rehema,

Kadi hii ni ya Mama. Mimi nimemwazima mkono tu, maana wake wa kulia bado haujashika kalamu vizuri.

Siku zote 19 alizolazwa, nilikuona ukimwamkia kila ulipoanza zamu. "Shikamoo, Mama." Ulijua kiharusi kimemnyang'anya kauli. Ukamwamkia hivyo hivyo, ukangoja kidogo, ndipo ukashika kazi. Kila baada ya saa mbili ulipokuja kumgeuza, ulivuta pazia, ukamfunika kanga, ukamwomba ruhusa: sasa nakulaza ubavu wa kushoto, sasa nakupaka mafuta mgongoni. Mama yangu ni mtu wa haya sana, na mimi nilikuwa nikiogopa kudhalilika kwake kuliko hata ugonjwa wenyewe. Amerudi nyumbani mgongo wake hauna kidonda hata kimoja, na heshima yake nzima.

Asubuhi ile aliyokuitikia "mahaba", ile ra ikakataa kutoka, ulikuja mbio kuniita koridoni, ukamwamkia tena ili na mimi nisikie. Hadi leo nikikumbuka nalia.

Naomba unisamehe kwa usiku wa pili. Nilikujia juu kwa sababu Mama alikuwa na kiu nawe ukanizuia nisimpe maji. Ulikuwa na wodi nzima ya kuangalia. Ulinivutia kiti, ukanieleza kwamba mtu asiyeweza kumeza, maji humwendea mapafuni, ukanionyesha namna ya kumlowesha midomo kwa pamba, kisha kazi hiyo ukaniachia. Nilikuwa nimekaa pale kama mgeni kwa mama yangu mwenyewe. Ukanirudishia nafasi ya mtoto.

Sasa anatembea na mkongojo hadi chini ya mwembe. Yale mazoezi ya kufumba na kufumbua vidole tunayafanya kila siku baada ya alasiri. Mdogo wangu ndiye msimamizi, na hakubali visingizio.

Doti hii ya kanga ameichagua Mama. Mwenye duka alitandaza nyingi, yeye akawa anatikisa kichwa, mpaka ilipofika hii iliyoandikwa "Wema hauozi". Kipande kimoja ni chako. Cha pili anasema umpelekee mama yako mzazi, na umfikishie salamu zake.

Halua ni ya wenzako wote wa zamu ya usiku, na yule kaka aliyekuwa akimsukuma Mama kwenda kwenye vipimo taratibu, asimtikise. Tafadhali asisahauliwe.

Usijisumbue kujibu, tunajua ulivyobanwa na kazi. Ila ukipata siku ya mapumziko, karibu sana nyumbani. Mama anataka safari hii yeye ndiye akutengee chakula.

Ahsante, dada yetu. Mwenyezi Mungu akupe afya na akulindie wazazi wako.

Wako,
Zuhura, pamoja na Mama na wadogo zangu wote