Notisi ya Kupunguzwa Kazini: Kitengo cha Kufunga Vitabu

Kwa: Mfanyakazi namba 0147, zamu ya usiku
Kutoka: Meneja utumishi
Tarehe: Jumatatu, 2 Juni 2025

Dada yetu,

Tulishaongea leo asubuhi ana kwa ana na hii ndo karatasi yenyewe, nimeiandika kwa lugha ya kawaida ili uisome nyumbani na watu wako bila kutafuta mwanasheria wa kukutafsiria. Kazi yako hapa kiwandani inafikia mwisho Jumatano tarehe 2 Julai 2025. Sababu ni upunguzaji wa wafanyakazi, hujafukuzwa, hakuna kosa ulilofanya, na yeyote atakayetuuliza habari zako ataambiwa hivyo hivyo.

Kwanini tunapunguza watu. Mkataba wa kuchapa madaftari uliisha Januari na mteja hakuendelea, na ule peke yake ulikuwa unakula karibu nusu ya kazi ya kitengo chenu. Oda zilizobaki ni za vitabu vya gundi, na hizo mashine mpya inakunja, inapaka gundi na kukata yenyewe, kwahiyo kazi iliyokuwa inahitaji watu 11 sasa inahitaji 6. Kabla ya kufika hapa tulianza vikao na chama cha wafanyakazi tarehe 14 Aprili, tukasimamisha ovataimu, tukaacha kuchukua vibarua, tukauliza nani yuko tayari kuondoka kwa hiari (akajitokeza mmoja), na tukatafuta nafasi kwenye vitengo vingine tukakosa. Bado watu wanne ilibidi wachaguliwe, na wewe ni mmoja wao.

Sasa kwanini wewe, maana najua hili ndo swali linalouma kuliko yote na una haki ya kujibiwa kwa namba, sio kwa maneno matamu. Wote 10 mliobaki mlipimwa kwa alama 100 tulizokubaliana na chama: ujuzi wa kazi inayobaki 40, miaka ya utumishi 30, mahudhurio 20, rekodi ya nidhamu 10. Kwenye nidhamu umepata 10 zote. Utumishi tulitoa alama 3 kwa kila mwaka uliotimia, una miaka 8, ni 24. Mahudhurio umepata 18, hizo 2 zimetoka kwa siku mbili za mwaka jana ambazo hukutoa taarifa. Likizo yako ya uzazi hatukuigusa kabisa, wala siku ulizokuwa na cheti cha daktari. Ujuzi ndo ulipokushusha. Kushona na kumalizia kwa mkono kulikuwa na alama 10 na umezichukua zote, hakuna mwingine ukumbini aliyefikisha hapo, ukaguzi wa ubora umepata 4 kati ya 5, lakini kuendesha mashine mpya kulikuwa na alama 25 na wewe umepata 6. Ukijumlisha yote ni 72. Aliyeshika nafasi ya sita, ya mwisho kubaki, ana 77.

Najua utasema mafunzo ya mashine yalifanyika mchana na wewe ni wa usiku. Ndo maana tulirudia awamu ya pili ya wiki mbili kwenye zamu yenu na alama 6 ni za mtihani uliofanyika baada ya hapo, sio kabla. Kama unaona muda ule haukutosha au kuna usiku mashine ilikuwa mbovu mkashindwa kufanya mazoezi, hiyo ni hoja halali, iweke kwenye rufaa, nimeeleza chini. Uanachama wako wa chama na yale malalamiko uliyoandika kuhusu hewa ya chumba cha gundi hayakuingia kwenye alama. Tumetumia kipimo cha Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982, ambao unakataza kumwachisha mtu kwa mambo kama hayo, au kwa ujauzito na majukumu ya familia.

Notisi yako ni siku 30 kama mkataba wako unavyosema. Zinaanza kuhesabiwa kesho tarehe 3 Juni, ya 30 inaangukia 2 Julai. Muda wote huo mshahara na bima ya afya viko palepale (bima tutaiendeleza mpaka 31 Julai), na kila wiki unapewa siku moja yenye malipo ya kwenda kutafuta kazi, chagua mwenyewe siku ila mwambie msimamizi wako siku moja kabla. Ukipata kazi kwingine katikati ya notisi niambie, tutakuachia mapema na kiinua mgongo chako hakitakatwa kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye hela. Mshahara wako wa msingi ni 780,000 kwa mwezi, tunaugawa kwa siku 26 za kazi, siku moja inakuwa 30,000. Kiinua mgongo tulichokubaliana na chama ni siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, kwahiyo 15 × 30,000 ni 450,000 kwa mwaka. Uliajiriwa 1 Machi 2017, una miaka 8 na miezi minne. Miaka 8 × 450,000 = 3,600,000. Ile miezi minne makubaliano hayatulazimishi kuilipa, ila uongozi umeona sio haki ipotee hivihivi, nayo ni theluthi ya mwaka, 150,000. Jumla ya kiinua mgongo 3,750,000. Posho ya usafiri na ya usiku hazimo kwenye hesabu hii, tumetumia mshahara wa msingi tu kwa watu wote wanne.

Juu ya hapo una siku 12 za likizo hujazichukua, 360,000, na mshahara wa tarehe 1 na 2 Julai, 60,000 (wa Juni utaupata tarehe 30 kama kawaida). Inakuwa 4,170,000. Tunatoa 120,000 ya adivansi uliyochukua Aprili, inabaki 4,050,000 kabla ya kodi. Kodi yenyewe utaiona kwenye slipu, mstari kwa mstari, na ukiona mstari hauuelewi usisaini slipu mpaka umeeleweshwa. Hela itaingia benki kabla ya Ijumaa 4 Julai jioni, pamoja na cheti cha utumishi, na cheti kitaandika kazi uliyofanya na muda wake, bila neno lolote baya.

Rufaa ipelekwe kwa maandishi mpaka Jumatano 11 Juni, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono nusu ukurasa inatosha. Watakaoisikiliza sio wale waliotoa alama, utakuja na mtu wa chama au mfanyakazi mwenzako, na utaonyeshwa karatasi yako yote ya alama. Usiporidhika bado unaweza kwenda ofisi ya kazi, hatutakuzuia wala haitachelewesha malipo yako.

Nafasi yoyote ya kitengo chenu ikifunguka ndani ya miezi 12 nyie wanne mtapigiwa simu kwanza kabla haijatangazwa, kwahiyo ukibadilisha namba tujulishe.

Sahihi yako hapa chini inaonyesha umepokea barua tu, haimaanishi umekubali. Kesho nitakuwepo ofisini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, zamu yenu ikitoka, njoo na mahesabu yako tuyapitie pamoja.

Meneja utumishi

Nimepokea, mfanyakazi namba 0147, tarehe 2 Juni 2025