Liemba kwa saizi tatu

Binamu, ile makala ya meli nimeisoma yote mpaka mwisho, ndefu kama treni ya mizigo, nimeikata mara tatu kama ulivyosema: sentensi ya kibao cha mapokezi, aya ya kipeperushi, na ukurasa wa kuweka kwenye fremu vyumbani kwa wageni wenye muda.

Sentensi moja

Liemba ni meli iliyoundwa Ujerumani 1913, ikaja Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani 1916 adui asiipate ila wakapaka injini zake grisi kwanza, Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 ikapiga kazi ya abiria na mizigo Ziwa Tanganyika.

Aya moja

Meli ya Liemba Wajerumani waliiunda Papenburg 1913 wakaiita Graf von Götzen, halafu wakaifungua yote na kuipakia kwenye makasha kama 5,000 hivi, ikaja kwa bahari mpaka Dar na kwa reli mpaka Kigoma. 1915 ikaingia ziwani kama meli ya vita. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakawa wanakaribia, basi mafundi wakapaka injini grisi nzito wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta injini bado zinafaa, na 1927 ikaanza safari ikiwa na jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe kwa watu wa kusini kule.

Ukurasa mzima

Ukiwa Kigoma huwezi kuikwepa hadithi ya Liemba, ila wengi wanaianzia vitani, wakati utamu wake uko kwenye usafiri. Meli ya mita 70 na zaidi kidogo unaifikishaje kwenye ziwa lililo katikati ya bara? Hakuna mto wa kupitisha. Kwa hiyo kiwanda cha Meyer pale Papenburg kiliiunda kwanza, kikaifungua, kila kipande kwenye kasha lake, na mafundi watatu wa hukohuko wakafuatana na mzigo kuja kuiunga upya. Bahati reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma 1914. Jina waliloipa, Graf von Götzen, ni la gavana aliyekuwa akitawala huku wakati Vita vya Maji Maji vinaanza, sasa hapo mwenyewe utaona lingekaa vipi kwenye meli ya Watanganyika.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ile iliyoishia delta ya Rufiji 1915. Waingereza nao wakaburuta viboti viwili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo, vikawavuruga Wajerumani ziwani (makala imemaliza hapa kurasa nyingi, mi nimepita mbio).

Julai 1916 Wabelgiji wakawa wanaisogelea Kigoma. Amri ikatoka: izamisheni. Wale mafundi hawakubisha, ila mtu aliyeunga kitu kwa mikono yake hakitupi hivihivi, wakapaka injini grisi tabaka nene wakajaza meli mchanga ikashuka chini taratibu, yaani waliizika huku wanategemea kurudi kuifukua. Hawakurudi wao. Wabelgiji walijaribu ikazama tena, Waingereza ndio wakafanikiwa 1924, na grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Injini zilezile za mvuke zikaendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970 ndipo ikawekewa za dizeli.

Baada ya hapo ndo maisha yake yenyewe, ambayo makala imeyapa nusu ukurasa tu, sijui kwa nini. Kigoma kwenda Mpulungu Zambia, ikipita Lagosa, Karema, Kipili, Kasanga na vijiji kibao visivyo na gati. Meli ilikuwa inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka gizani inagombania ubavu, mtu anapokelewa kwa mkono, mtoto anapitishwa juu juu, gunia la dagaa linakuja na kuku wamefungwa miguu, na wanaoshuka wanashuka humohumo kwenye kelele hizo. 1997 ilibeba pia wakimbizi waliokuwa wanarudi kwao Kongo baada ya vita vya kumng'oa Mobutu. Kwa watu wa mwambao ule wasio na barabara ya maana, ilikuwa ndo basi, ndo lori, ndo posta.

Binamu, ukurasa ukigoma kuingia kwenye fremu kata ile aya ya mzinga na viboti, wala hakuna atakayeulizia. Grisi usiiguse.